Kebo ndefu, opampu inayotetemeka na rezista ya omu 150

Ghala ni la korosho, nje kidogo ya mji wa Masasi. Fundi kijana aliyepewa kazi ya kufunga kipimajoto alitumia kihisi cha LM35, ambacho hutoa milivolti 10 kwa kila nyuzi moja ya selisiasi. Joto likiwa nyuzi 30, kinatoa milivolti 300. Kihisi kilining'inizwa katikati ya mafungu ya magunia, na rekoda inayohifadhi vipimo ikawekwa kwenye ofisi ya mtunza ghala, umbali wa mita 40 za kebo. Kijana alijua kwamba LM35 ni dhaifu na haipendi kusukuma kebo ndefu, kwa hiyo akaweka opampu ya LM358 kati yake na kebo. Aliifunga kama bafa: mguu wa 1 wa kutolea umeunganishwa moja kwa moja na mguu wa 2, na kihisi kinaingilia mguu wa 3. Kinachoingia milivolti 300 kinatoka milivolti 300, ila sasa kina nguvu nyuma yake.

Mezani, kwa waya wa sentimita chache, rekoda ilisoma 30. Ghalani ikasoma 37. Kipimajoto cha ukutani, hatua tatu kutoka kwenye kihisi, kilikuwa kwenye 30 hakijasogea. Kijana akabadilisha kihisi, akabadilisha LM358, akabadilisha hata betri ya sola. Bado 37. Kisha akachomoa kebo kwenye bodi, akaweka mita kwenye mguu wa 1, na milivolti 300 zikarudi zimetulia. Akanipigia simu: "Kaka, hivi kebo inaweza kuzalisha joto?"

Kebo haizalishi joto. Ila kebo ni kapasita, na ile LM358 ilikuwa inatetemeka kwa masafa ambayo si mita yake wala rekoda iliyoweza kuyaona. Mambo matatu yanahitaji kufunguliwa hapa: kwa nini kapasita inaifanya opampu itetemeke, kwa nini mtetemo huo ulijitokeza kama joto la uongo, na kwa nini rezista moja ya bei ya kutupa inaumaliza. Hilo la tatu ndilo linalowachanganya wengi, kwa sababu rezista hiyo hiyo ikisogezwa upande wa pili wa kiungo kimoja tu haisaidii kitu, na hata huharibu zaidi.

Tuanze na opampu yenyewe. Ndani yake kuna ukuzaji mkubwa sana. Kwa LM358 ni karibu mara 100,000 kwa volti zisizobadilika. Inalinganisha mguu wa 3 na mguu wa 2, inakuza tofauti iliyopo, na kwa kuwa mguu wa 2 umefungwa kwenye mguu wa 1, inaendelea kusogeza tokeo mpaka tofauti iwe karibu sifuri. Huo ndio mrejesho hasi. Ukiona kosa unalipunguza, ukiona limepungua unaacha.

Tatizo ni kwamba hakuna anayesahihisha papo hapo. Nahodha wa dau anayeingia ghuba ya Mikindani na usukani unaochelewa kuitika atajikuta anakata kulia wakati chombo kimeshapita, kisha anakata kushoto kwa nguvu zaidi, na dau linaanza kwenda kama nyoka. Hajakosea upande, amechelewa tu. Mrejesho ukichelewa vya kutosha, masahihisho yanafika wakati kosa limeshageuka upande wa pili, na badala ya kulipunguza yanalisukuma. Kwa wimbi, "vya kutosha" ni nusu ya mzunguko wake, yaani digrii 180.

Opampu inajichelewesha yenyewe, na kwa makusudi. Tangu Fairchild walipotoa 741 mwaka 1968 ikiwa na kapasita ya pikofaradi 30 ndani ya kipande chenyewe, opampu nyingi za kawaida zimetengenezwa hivyo: ukuzaji unaanza kushuka mapema sana, kwenye hezi chache au makumi ya hezi, na unaendelea kushuka kwa utaratibu mpaka unabaki mara 1 tu, yaani kinachotoka ni sawa na kilichoingia. Kwa LM358 hapo ni karibu megahezi 1. Faida yake ni kwamba ukuzaji unakuwa umekwisha kabla ya ucheleweshaji kufika pabaya. Gharama yake ni kwamba karibu kwenye masafa yote tunayoyajali, tokeo liko nyuma ya ingizo kwa digrii 90 kamili. Nusu ya bajeti ya digrii 180 imeshatumika kabla hujaunganisha chochote.

Bajeti iliyobaki ndiyo inayoitwa akiba ya fezi. Tunatafuta yale masafa ambayo ishara ikizunguka mzunguko mzima, kutoka mguu wa 2, kupitia opampu, hadi tokeo na kurudi mguu wa 2, inarudi na ukubwa ule ule. Hapo tunauliza: ucheleweshaji umefika digrii ngapi, na bado ngapi kufika 180? Ikibaki 60, sakiti imetulia vizuri. Ikibaki 45, ukiigusa kwa ghafla inapita kidogo kisha inatulia. Ikibaki 10, inalia kama sahani iliyoanguka sakafuni. Ikifika sifuri, hailii tena na kuisha, inaimba moja kwa moja.

Bafa ndiyo hali ngumu kuliko zote kwa opampu, ingawa kwenye mchoro inaonekana nyepesi kuliko zote. Mguu wa 2 unapokea tokeo lote bila kupunguzwa, kwa hiyo mzunguko unakuwa na nguvu mpaka masafa ya juu kabisa, kule ambako ucheleweshaji mwingine wa ndani ya opampu unaanza kuingia. Watengenezaji wa LM358 hawajaficha jambo hili. Karatasi yao ya maelezo inasema kwamba opampu hiyo ikifungwa kama bafa inavumilia takriban pikofaradi 50 kwenye tokeo, na zaidi ya hapo uongeze ukuzaji au uitenge kapasita kwa rezista. Kebo ya koaksia aina ya RG-58 ina karibu pikofaradi 100 kwa kila mita. Nusu mita tu na ruhusa imekwisha. Kijana wetu alikuwa na mita 40 za kebo hiyo, yaani pikofaradi 4,000, au nanofaradi 4.

Sasa kebo inaingiaje kwenye hesabu ya ucheleweshaji? Hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu kebo iko nje ya opampu, upande wa kutolea, na mtu anaweza kudhani mrejesho hauihusu. Unaihusu kwa sababu opampu ina ukinzani wake wa ndani kwenye mguu wa kutolea. Mrejesho unapokuwa na nguvu hatuuoni, maana opampu inaufidia. Ila upo. Tuchukue omu 300, kiasi kinacholingana na familia hii ya opampu. Volti inayotengenezwa ndani inapita kwenye omu 300 hizo kabla ya kufika mguu wa 1, na kwenye mguu wa 1 kuna kapasita ya nanofaradi 4 iliyoshuka kwenye gadi, ile nukta ya volti sifuri ya sakiti. Rezista ikifuatiwa na kapasita kwenda gadi ni kichujio cha kuzuia masafa ya juu, kama kile unachokijenga mwenyewe kwa makusudi. Kona yake, yaani masafa ambako kinaanza kupunguza ishara, ni hapa:

```
fp = 1 / (2π · Ro · C)
   = 1 / (2π · 300 · 4e-9)
   ≈ 133 kHz
```

Juu ya kilohezi 133 kichujio hiki kinafanya mambo mawili kwa pamoja. Kinapunguza ishara, na kinaichelewesha, mpaka kufikia digrii 90 nyingine. Na mguu wa 2 unachukua mrejesho wake kutoka mguu wa 1, yaani baada ya kichujio. Kwa hiyo opampu inasahihisha kwa kutazama picha iliyocheleweshwa mara mbili: na yeye mwenyewe, kisha na kebo.

Tuweke namba. Bila kebo, tuseme opampu hii ina akiba ya digrii 60 kwenye megahezi 1, maana yake vijichelewesho vyake vingine vya ndani vinakula 30 pale. Ukiifunga kebo ya nanofaradi 4, masafa yale ya ukubwa sawa yanashuka kutoka megahezi 1 hadi karibu kilohezi 350, kwa sababu kichujio kimepunguza ishara. Kushuka huko kungeweza kuwa jambo jema. Lakini kwenye kilohezi 350 kichujio kinachelewesha digrii 69, opampu yenyewe inachelewesha 90, na vile vya ndani vinaongeza 11 au 12. Jumla ni karibu 171. Akiba imebaki digrii 9.

Digrii 9 kwenye karatasi si sifuri, na msomaji makini atauliza mbona basi ilitetemeka. Jibu ni kwamba hesabu ya karatasi imeacha vitu vingi nje. Njia za shaba kwenye bodi zina kapasita yake. Waya wa umeme kutoka kwenye betri ni mrefu, na kama hakuna kapasita ya nanofaradi 100 karibu na mguu wa 8, umeme wenyewe unayumba pamoja na ishara. Hatua ya mwisho ya LM358 nayo ina ukinzani unaobadilika kadiri inavyobadilisha kati ya kusukuma mkondo na kuvuta, kwa hiyo omu 300 ni makadirio, si namba takatifu. Ukiwa na akiba ya 9, mdogo wowote kati ya hao anatosha kukumalizia. Na hata kama mtetemo haudumu, kila kishindo kidogo kinaamsha mlio ambao mruko wake wa kwanza ni kama robo tatu ya kishindo chenyewe.

Nyuzi 7 za uongo zilitoka wapi? LM358 haiwezi kwenda haraka. Kasi yake ya kubadilisha volti ni karibu volti 0.3 kwa kila maikrosekunde. Kwenye kilohezi 350, nusu ya wimbi inachukua maikrosekunde 1.4, kwa hiyo tokeo linaweza kupanda na kushuka kama volti 0.4 tu kutoka chini hadi juu, kwa umbo la pembetatu. Ishara halisi ilikuwa milivolti 300, na umeme wa LM358 unaanzia sifuri hadi volti 12, bila upande wa hasi. Mtetemo unapozunguka milivolti 300, juu una nafasi ya kutosha ila chini unakaribia sifuri, na karibu na sifuri LM358 ni mvivu sana wa kuvuta mkondo. Wimbi likibanwa upande mmoja, wastani wake haubaki katikati. Unapanda. Rekoda haioni kilohezi 350, inaona wastani. Wastani ukiwa milivolti 370, inaandika 37 bila wasiwasi wowote.

Hii ndiyo sababu ninawaambia mafundi wasiamini namba iliyotulia. Mtetemo wa opampu mara nyingi haujitokezi kama namba inayorukaruka. Unajitokeza kama kosa la kudumu, lenye adabu, ambalo unaweza hata kushawishika kulirekebisha kwa kutoa 7 kwenye programu. Halafu joto likibadilika, kosa nalo linabadilika.

Kijana alikuwa ameshajaribu dawa mbili kabla ya kunipigia. Ya kwanza ni ile ya kila mtu: "ina kelele, weka kapasita." Akaweka nanofaradi 100 kutoka mguu wa 1 kwenda gadi. Kwa sakiti hii ni sawa na kuongeza kilomita moja ya kebo. Kona ya kichujio inashuka hadi kilohezi 5 hivi na akiba inabaki digrii 2. Mtetemo ulihama tu, ukawa wa polepole zaidi.

Ya pili ilikuwa karibu na ukweli. Alisoma mahali kwamba panahitajika rezista kwenye tokeo, akaweka omu 150 kati ya mguu wa 1 na kebo, lakini waya wa mrejesho aliuhamisha: badala ya kutoka mguu wa 1, aliutoa upande wa kebo, baada ya rezista. Hoja yake ilikuwa nzuri. "Nilitaka opampu ione volti inayokwenda kwenye kebo, ili irekebishe inachopoteza rezista." Ni kweli ingerekebisha. Ila kwa mrejesho uliochukuliwa pale, omu 150 zinajumlishwa tu na zile 300 za ndani. Sasa kichujio kina omu 450, kona imeshuka hadi kilohezi 88, na akiba imetoka digrii 9 hadi 7. Rezista sahihi, ukubwa sahihi, kiungo si chake.

Rezista inatakiwa iwe nje ya mzunguko. Mguu wa 2 ubaki umeungwa na mguu wa 1 moja kwa moja, kifupi iwezekanavyo, kisha rezista ianze kwenye mguu wa 1 na kuishia kwenye kebo. Ile ya omu 150 ina mistari ya kahawia, kijani, kahawia. Ilehemu karibu kabisa na opampu, si kule ofisini kwenye rekoda, kwa sababu kebo yote inapaswa kuwa nyuma yake.

Kwa nini inafanya kazi? Fikiria masafa ya juu sana, ambako kapasita ya kebo ni kama waya uliogusa gadi. Bila rezista, mguu wa 1 nao umeshikwa gadi. Kadiri masafa yanavyopanda ndivyo ishara ya mrejesho inavyofifia, na kila kufifia kwa kapasita kunaambatana na kuchelewa. Ukiweka omu 150, mguu wa 1 haufiki gadi. Kuna omu 300 juu yake, ndani ya opampu, na omu 150 chini yake. Hicho ni kigawanyo cha volti cha rezista mbili, kinachotoa theluthi moja ya volti. Na rezista mbili zikigawana volti hazicheleweshi chochote. Ishara imepungua, lakini haijachelewa. Kupungua hakuna madhara kwa utulivu, kinachoua ni kuchelewa.

Kwa hiyo kichujio sasa kina kona mbili. Kwenye ya kwanza, karibu kilohezi 88, kinaanza kupunguza na kuchelewesha kama zamani. Kwenye ya pili, pale ambapo kapasita inakuwa na ukinzani sawa na rezista yetu, kinaacha kupunguza na kuanza kurudisha digrii ilizokopa:

```
fz = 1 / (2π · R · C)
   = 1 / (2π · 150 · 4e-9)
   ≈ 265 kHz
```

Masafa ya ukubwa sawa yanakuja kuwa kama kilohezi 390. Hapo kona ya kwanza inachelewesha digrii 77, ya pili inarudisha 56, opampu 90, na vijichelewesho vya ndani 13. Jumla ni 124. Akiba ni digrii 56, karibu ile ile tuliyokuwa nayo bila kebo kabisa. Rekoda ikarudi kwenye 30.

Ukubwa wa rezista hauhitaji bahati nasibu. Inabidi kona ya pili ifike kabla ya masafa ya ukubwa sawa, au basi ikutane nayo hapo hapo. Njia ya haraka ni kuuliza kapasita ina ukinzani gani kwenye masafa ya mtetemo. Nanofaradi 4 kwenye kilohezi 350 ni karibu omu 114. Rezista ya ukubwa huo au zaidi kidogo itafaa: omu 100 inatoa akiba ya 46, omu 150 inatoa 56. Omu 22 ingetoa 19 tu, na mlio ungebaki.

Linalowashangaza watu ni kwamba kapasita kubwa inataka rezista ndogo. Ile nanofaradi 100 aliyoiweka kijana inatetemesha opampu kwenye kilohezi 73 hivi, na pale ukinzani wake ni omu 22. Kwa kapasita hiyo, rezista ya omu 22 inatosha kabisa na inatoa akiba ya digrii 50. Omu 22 hizo hizo kwa kebo tupu zisingefua dafu. Kwa hiyo usibebe namba 150 kichwani kama dawa ya kila kitu, beba swali la kapasita ni kiasi gani.

Rezista haiji bure. Pamoja na kebo inatengeneza kichujio kwa ishara inayokwenda kwa rekoda, yenye kona kwenye kilohezi 265. Kwa joto la ghala hilo ni jambo la kupuuzwa. Magunia ya korosho hayabadiliki joto mara laki mbili kwa sekunde. Kwa mtu anayepitisha picha au ishara za haraka, angehesabu upya.

Gharama ya pili ni ya kweli zaidi. Rekoda ikiwa na ukinzani wa ingizo wa megaomu 1, omu 150 zinapoteza asilimia 0.015 na hakuna atakayejua. Lakini rekoda nyingine, hasa zilizokusudiwa kwa viwanda, zina ingizo la kilomu 10. Hapo kinachopotea ni karibu asilimia 1.5, na nyuzi 30 zinasomwa 29.6. Kama hiyo inakuuma, ipo njia ya kupata vyote, na inatumia lile wazo la kijana kwa mpangilio bora. Weka rezista ya kilomu 10 kutoka upande wa kebo kwenda mguu wa 2, na kapasita ya nanofaradi 1 kutoka mguu wa 1 kwenda huo huo mguu wa 2, ukiondoa kiungo cha moja kwa moja. Kwa volti za polepole, kapasita haipitishi kitu, kwa hiyo mguu wa 2 unaona volti ya kebo na kufidia kinachopotea kwenye omu 150. Kwenye kilohezi mia tatu na kitu, nanofaradi 1 ni kama omu 450 tu, inaizidi nguvu kilomu 10 kwa mbali, kwa hiyo mguu wa 2 unaona mguu wa 1 na utulivu unabaki. Macho mawili, moja la polepole na moja la haraka, kila moja likitazama panapolifaa.

Na kama sakiti inakuruhusu kukuza badala ya kuwa bafa, fikiria hilo kwanza. LM358 hiyo hiyo ikifungwa kwa ukuzaji wa mara 10, ikiwa na kebo ile ile na bila rezista yoyote ya kutenga, masafa ya ukubwa sawa yanashuka hadi kilohezi 85 hivi, chini ya kona ya kebo, na akiba ni karibu digrii 55. Zaidi ya hapo, nyuzi 30 zinakuwa volti 3 badala ya milivolti 300, na kelele za njiani zinapungua uzito. Ukiwa na betri ya volti 12 nafasi ipo. Mimi bado ningeweka rezista, kwa sababu mwenye ghala akija kurefusha kebo hatakuuliza.

Utajuaje kwamba una tatizo hili kama huna oskiloskopu? Mita ya kawaida ukiiweka kwenye volti za AC haitakusaidia, nyingi hazioni vizuri zaidi ya kilohezi chache. Jaribio bora ni lile alilolifanya kijana bila kujua: pima volti ya DC kwenye mguu wa 1 kebo ikiwa imechomekwa, kisha ichomoe. Opampu iliyotulia haijali, namba inabaki ile ile. Namba ikiruka, na rekoda haivuti mkondo mkubwa, basi kuna mtetemo. Unaweza pia kusogeza mkono kwenye kebo au kuikunja. Namba ya DC haina sababu ya kujali mkono wako. Redio ya mkanda wa MW nayo inasaidia. Kilohezi 350 ziko chini ya mkanda wenyewe, ila mara tatu yake, kilohezi 1,050, imo ndani. Isogeze karibu na kebo na uzungushe polepole kutafuta mluzi au sehemu inayonyamaza ghafla, kisha zima umeme wa bodi uone kama vinatoweka.

Mwenye oskiloskopu aingize mawimbi ya mraba madogo, milivolti 100 hivi, kwenye mguu wa 3. Yawe madogo kweli, maana yakiwa makubwa kasi ndogo ya LM358 itaficha mlio na utadhani mambo ni mazuri. Tazama mguu wa 1, si upande wa kebo, kwa sababu rezista na kebo vinalainisha picha. Mruko wa kwanza ukipita kwa asilimia 10 hadi 15, uko kwenye akiba ya 55 au 60. Ukipita kwa robo, uko kwenye 45 hivi. Ukihesabu mawimbi sita, saba kabla ya kutulia, ongeza rezista. Na ncha ya kupimia iwe kwenye mara 10, kwa sababu kwenye mara 1 yenyewe inaleta pikofaradi 100 au karibu, na utakuwa umeongeza mgonjwa mwingine mezani.

Kijana aliuliza swali moja la mwisho, kama angetumia kebo ya dishi ya televisheni ambayo ni rahisi kuipata madukani Masasi. RG-6 ina karibu pikofaradi 53 kwa mita, nusu ya ile aliyoitumia, kwa hiyo mita 40 ni nanofaradi 2.1. Bado ni mara 40 ya kile LM358 inachovumilia ikiwa bafa. Rezista inabaki pale pale, ila kwa kapasita ndogo hiyo afadhali ipande kidogo, omu 180 au 220.